Mfanyakazi Kiziwi Mahali pa Kazi: Mambo Ambayo Mwajiri Anapaswa Kuyafahamu

Waamini wengi wa parokia zetu ni waajiri, ingawa si wote wanaojiita kwa jina hilo. Mwenye karakana ya useremala yenye mafundi wanne ni mwajiri. Mama anayeendesha mgahawa na kuwalipa wasichana wawili ni mwajiri. Parokia yenyewe, inayomlipa katibu, mpishi na mlinzi, ni mwajiri pia. Makala hii inawalenga hao wote, na inahusu namna ya kumpokea kazini mtu mwenye ulemavu.

Ulemavu ni wa aina nyingi, na kila aina ina mahitaji yake. Badala ya kugusa kila kitu kidogo kidogo, tumechagua aina moja tu, yaani uziwi. Sababu ya uchaguzi huu ni kwamba uziwi hauonekani kwa macho, marekebisho yake mengi hayahitaji fedha nyingi, na matatizo yake kazini huzaliwa mara nyingi na watu wanaosikia wasiojua jinsi ya kuwasiliana. Aliyeuelewa mfano huu vizuri atajua pia namna ya kuuliza maswali sahihi anapomwajiri mtu mwenye ulemavu mwingine.

Sheria inasema nini

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba huo, wa mwaka 2006, unazungumzia kazi katika ibara ya 27, na unamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa. Maana yake ni mabadiliko yanayohitajika ili mtu fulani aweze kufanya kazi fulani, bila kumbebesha mwajiri mzigo uliopita kiasi. Kwa hiyo mwajiri haombwi kujenga upya karakana yake. Anaombwa kutazama ni kitu gani hasa kinachomzuia mtu huyu, na kukiondoa pale inapowezekana.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Wapo wanaosoma hapo na kuona kwamba, kwa kuwa wana wafanyakazi wachache, jambo hili haliwahusu. Hawako sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katazo hilo halisubiri wafanyakazi wafike 20.

Kifungu hichohicho kinakubali kwamba kazi inaweza kuwa na mahitaji yake ya msingi, na kwamba kumkataa mtu asiyeweza kuyatimiza si ubaguzi. Hapa mwajiri anapaswa kuwa mkweli. Mpokeaji wa simu za wateja anahitaji kusikia. Hilo ni hitaji la kazi yenyewe. Lakini mhasibu hahitaji kusikia ili kujumlisha hesabu. Kama mhasibu aliyetangulia alikuwa pia akipokea simu, hayo ni mazoea ya ofisi, na mazoea yanaweza kubadilishwa kwa kumpa mtu mwingine simu hiyo.

Mafundisho ya Kanisa yanakwenda katika njia hiyohiyo. Katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, uliotolewa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alitenga namba ya 22 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Anafundisha kwamba jamii inayowapokea kazini wale tu wenye viungo na uwezo kamili inafanya ubaguzi mzito, yaani wenye nguvu dhidi ya wanyonge.

Midomo na karatasi

Mwajiri anayempokea mfanyakazi kiziwi kwa mara ya kwanza huwa na mategemeo mawili. La kwanza ni kwamba kiziwi atasoma midomo. La pili ni kwamba, midomo ikishindikana, karatasi na kalamu vitamaliza kazi. Yote mawili yana ukweli kiasi, lakini hayatoshi.

Tuanze na midomo. Simama mbele ya kioo, kisha tamka bila sauti maneno haya matatu: baba, papa, mama. Utaona kwamba midomo hufanya kitu kilekile mara zote tatu, kwa sababu tofauti ya herufi b, p na m iko kooni na puani, si midomoni. Sauti nyingine kama k na g hutengenezwa nyuma ya kinywa ambako jicho halifiki. Msomaji hodari wa midomo hupata sehemu tu ya maneno, na nyingine huikisia kutokana na mazingira. Ukigeuka, ukifunika mdomo kwa mkono, au ukisimama mbele ya dirisha hata uso wako ukawa kivuli, hata sehemu hiyo inapotea. Kupaza sauti hakusaidii. Kunaharibu umbo la midomo na kumfanya msemaji aonekane amekasirika.

Karatasi nayo ina mipaka yake. Kwa viziwi wengi waliokua wakitumia Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili ni lugha ya pili, tena lugha waliyojifunza kwa macho bila kuisikia. Lugha ya alama si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina mpangilio wake wa sentensi na sarufi yake. Neno moja la Kiswahili kama «hawajaniletea» limebeba ndani yake mtendaji, kukanusha, wakati na mtendewa. Anayesikia amelizoea tangu utotoni, lakini aliyejifunza kwa kusoma anaweza kulikwama. Hilo si suala la akili. Msomi wa Kitanzania akipewa maagizo marefu ya Kifaransa naye anaweza kukwama.

Tufanye nini basi? Andika sentensi fupi zenye jambo moja moja. Usiandike, «Usikate kitambaa mpaka utakapoambiwa na msimamizi.» Andika, «Usikate. Subiri. Msimamizi atakuja saa 8.» Tumia namba, michoro na sampuli. Na hapo mwanzo kabisa, muulize mwenyewe anapenda kuwasiliana kwa njia gani. Wapo viziwi wanaoandika Kiswahili safi kuliko mwajiri wao, wapo waliopoteza kusikia ukubwani na wanaongea vizuri, na wapo wanaotegemea alama peke yake. Hata alama zenyewe hutofautiana, kwa sababu shule za viziwi zilianza katika nyakati tofauti na kwa mbinu tofauti. Shule ya kwanza nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata katika muongo uliofuata.

Mfano: karakana ya ushonaji

Tuchukue mfano wa karakana ya kushona sare za shule yenye wafanyakazi 12. Mwenye karakana anataka fundi wa cherehani, na miongoni mwa waombaji yumo kijana wa kike, kiziwi, aliyehitimu ushonaji. Tufuate hatua moja baada ya nyingine.

Kizuizi cha kwanza kiko kwenye tangazo. Likisema tu «piga simu namba hii», kiziwi amekwisha kuachwa nje kabla ya kuanza. Ongeza maneno matatu, «au tuma ujumbe», na mlango umefunguliwa.

Kwenye usaili, mpe kazi badala ya maswali mengi: kipande cha kitambaa, sampuli ya shati, na muda uleule waliopewa wengine. Mshono utajieleza wenyewe. Kwa mazungumzo ya mshahara na masharti, mwite mkalimani wa lugha ya alama. Chama cha Viziwi Tanzania, kinachojulikana kama CHAVITA, ni mahali pazuri pa kuuliza anakopatikana. Mkalimani akifika, mtazame na kuzungumza na mwombaji mwenyewe: «Umewahi kushona suruali?» Usimwambie mkalimani, «Muulize kama amewahi kushona suruali.» Na usimtumie mdogo wake au mama yake kuwa mkalimani katika mambo ya fedha na mkataba, kwa sababu ndugu, hata akiwa na nia njema, hujibu kwa niaba yake.

Akiajiriwa, mkataba usitiwe saini hivihivi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoielewa. Siku hiyo mkalimani anahitajika tena.

Kisha tazama mahali pa kukaa. Fundi kiziwi akipewa cherehani iliyoelekea ukutani, kila anayemjia atamshtua, na sindano inatembea karibu na vidole vyake. Geuza meza ili aone mlango na amwone msimamizi. Anayemhitaji asogee hadi aonekane, apunge mkono, au amguse begani taratibu wakati mashine imesimama. Kumrushia kipande cha kitambaa au kumvuta kwa nyuma ni hatari, tena ni dharau.

Maagizo ya kazi yawe kwenye karatasi ya oda: jina la shule, idadi, rangi, na mchoro mdogo wa shati wenye vipimo pembeni. Baada ya kumweleza, usimwulize, «Umeelewa?» Watu wengi, wanaosikia na wasiosikia, hutikisa kichwa kukubali ili wasionekane wajinga. Mwombe akuonyeshe: achukue futi, apime mkono wa shati, na aweke alama ya chaki pale atakapokata. Ukiona chaki imewekwa mahali pake, hapo ndipo ujue mmeelewana.

Linabaki suala la hatari. Kengele au kelele ya «moto!» haimfikii. Fundi umeme anaweza kuunganisha taa inayowaka na kuzima pamoja na kengele, moja ikiwa chumba cha kazi na nyingine mahali anapoweza kuwa peke yake, kama stoo na chooni. Lakini taa hiyo haifanyi kazi umeme ukikatika, na moto mara nyingi huja pamoja na kukatika kwa umeme. Kwa hiyo wateuliwe wenzake wawili, si mmoja, ambao kazi yao ni kumfuata na kumtoa kunapotokea hatari. Wawili, kwa sababu siku mmoja atakapoumwa, mwingine atakuwepo. Jambo hili lifanyiwe mazoezi, lisiishie kwenye maneno.

Kosa linapotokea

Tuendelee na mfano wetu. Baada ya miezi miwili, msimamizi analalamika: fundi huyu ni mzuri, lakini ni mbishi. Juzi aliambiwa mikono ya shati iwe sentimita 24, akashona 20. Wiki iliyotangulia aliambiwa aache rangi ya bluu, akaendelea nayo. Mwenye karakana anaanza kufikiria kumwachisha kazi.

Kabla ya kufika huko, achukue karatasi za oda za miezi hiyo miwili na kuzipanga katika mafungu mawili: kazi zilizokwenda vizuri na kazi zilizoharibika. Katika mfano huu ataona kwamba kazi zilizoharibika ni zile ambazo oda ilibadilishwa katikati ya siku, na msimamizi akatangaza mabadiliko kwa sauti kutoka mlangoni. Wengine walisikia, mmoja hakusikia. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilibaki na vipimo vya zamani, naye aliitii karatasi. Huo si ubishi.

Hiki ndicho kipimo tunachowapendekezea waajiri. Makosa yakitawanyika kila mahali, huenda tatizo ni ujuzi, na dawa yake ni mafunzo. Makosa yakikusanyika kwenye mabadiliko ya ghafla, mikutano, na maagizo ya mdomo, tatizo ni njia ya mawasiliano, na dawa yake ni kurekebisha njia hiyo. Katika karakana yetu, ubao mmoja na kanuni moja vinatosha: mabadiliko yoyote hayajaanza kutumika mpaka yameandikwa ubaoni na karatasi ya zamani imeondolewa mezani. Kanuni hiyo itawasaidia hata wale wanaosikia, kwani nao husahau.

Ikitokea kweli kwamba kuna tuhuma ya utovu wa nidhamu, tahadhari iwe kubwa zaidi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira, zinataka mfanyakazi ajulishwe tuhuma zake kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, kikao kisicho na mkalimani hakitimizi sharti hilo. Karatasi iliyosukumwa mezani na kutiwa saini haithibitishi kwamba imeeleweka. Mtu anaweza kupoteza riziki yake katika dakika kumi bila kujua ameshtakiwa kwa kosa gani; na mwajiri naye anaweza kujikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila jibu la kutoa.

Kikao kikiwa kirefu, waitwe wakalimani wawili wapokezane. Kutafsiri kwa mikono huchosha mwili na akili, na mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno. Gharama hiyo ni ya kweli, hatuifichi. Ndiyo maana tunashauri mkalimani awekwe kwa mambo makubwa, yaani usaili, mkataba, mafunzo ya usalama, na nidhamu, wakati mambo ya kila siku yakiendeshwa kwa ubao, michoro, na alama ambazo wafanyakazi wenyewe watajifunza kwa mwenzao. Alama 30 au 40 za kazi, kama kata, shona, subiri, hatari, chakula, mshahara, hujifunzwa polepole, moja mbili kwa siku.

Majina tunayoitana

Lugha ya Kiswahili imewaweka watu wengi wenye ulemavu katika ngeli ya vitu: kilema, kipofu, kiwete, kiziwi. Mtu anaposema «kiziwi kimefika», amemfanya mwenzake kuwa kama kiti au kikombe. Sarufi sanifu yenyewe haikubali hilo: kiumbe hai hupatanishwa kama mtu, hivyo husemwa «kiziwi amefika», «viziwi wamefika», «fundi wetu kiziwi amemaliza kazi yake».

Je, neno kiziwi lenyewe ni tusi? Viziwi wa Tanzania wamelichagua na kuliweka katika jina la chama chao, kwa sababu linawatambulisha kuwa ni jamii yenye lugha yake. Tunaweza kulitumia kwa heshima. Wapo wanaopendelea «asiyesikia», hasa waliopoteza usikivu wakiwa watu wazima. Njia ya hakika ni kumuuliza. Neno lisilofaa ni «bubu». Viziwi wengi wana sauti, na hata asiyetumia sauti anazungumza kwa mikono yake. Kumwita bubu ni kusema kwamba hana la kusema.

Kwa wengine, kanuni ya kawaida ni kumtaja mtu kwanza, kisha hali yake: mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu wa akili. «Zeruzeru», «taahira» na «punguani» ni maneno ya kudhalilisha, na hayafai hata katika utani. Tuepuke pia kusema «wazima na walemavu», kana kwamba ulemavu ni ugonjwa. Tuseme «wenye ulemavu na wasio na ulemavu».

Lakini mahali pa kazi heshima hupimwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Fundi ana jina. Aitwe kwa jina lake, si «yule kiziwi wa dirishani». Anayemwuliza mwenzake asiyesikiliza vizuri, «Kwani wewe kiziwi?», ageuze hali ya mtu mmoja kuwa tusi la wote, naye mhusika, hata asiposikia, huona nyuso zikicheka. Vivyo hivyo kuiga alama kwa mzaha, au kumwambia «achana nayo, si muhimu» anapouliza wenzake wanacheka nini. Mweleze kwa sentensi moja. Kama jambo lilistahili kusemwa kwa watu kumi na mmoja, linastahili kusemwa na kwa wa kumi na mbili.

Mwajiri ndiye anayeweka kipimo katika haya yote. Akizungumza na fundi huyo uso kwa uso, akijifunza kumsalimu kwa alama asubuhi, na akikemea mzaha mara ya kwanza unapotokea, wafanyakazi wengine watafuata. Baada ya mwezi wa kwanza, akae naye pamoja na mkalimani, amuulize maswali mawili: ni kitu gani hapa kinakuzuia kufanya kazi yako vizuri, na ni kitu gani umekikosa kwa sababu hakuna aliyekueleza? Majibu yaandikwe, na yanayowezekana yatekelezwe kabla ya mwezi wa pili kuisha.